Mstari Mmoja Chini ya Saini

Katika nyumba ya mshonaji huyu hakuna kijiko kisicho na doa jekundu. Doa lenyewe ni dogo, kama punje ya mchele, na limekaa nyuma ya mpini ambako mgeni hawezi kulitazama. Sufuria zina doa kwenye kitako. Mwavuli una doa chini ya kishikio. Chupa ya rangi ya kucha inayofanya kazi hiyo hukaa kwenye droo ya cherehani, kati ya mikasi na boksi la sindano, na kwa miaka yote ambayo ameinunua ikaisha akanunua nyingine, rangi hiyo haijawahi kugusa ukucha wake hata mmoja.

"Siku moja nitaamka nikute umenipaka na mimi kisigino," mumewe humwambia.

"Wewe? Nani akuibe?"

Mtaani wanamwita Mama Doa, naye anaitika bila kinyongo. Anayemcheka humweleza habari ya sufuria kubwa aliyoazimisha kwenye harusi ya jirani, akarudishiwa nyingine nyembamba kama karatasi, na alipolalamika akaulizwa ushahidi uko wapi. Kisha humweleza habari ya cherehani yake ya kwanza, iliyokwenda kwa fundi ikiwa na mota inayonguruma vizuri na kurudi na mota inayokohoa. Hapo pia aliulizwa ushahidi. Tangu wakati huo ushahidi anautengeneza mwenyewe, mapema, kabla ya kesi.

Kazi yake ni kushona sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango unaotazama barabara, ndicho karakana. Kuna meza ya kukatia, cherehani mbili, pasi, na mahali pa heshima, karibu na dirisha, mashine ya overloki, ile inayokata ukingo wa kitambaa na kuufunga kwa nyuzi ili usifumuke. Aliinunua kwa mkono wa pili kutoka kiwanda kilichofungwa. Kabla ya overloki, suruali alizoshona zilikuwa zikirudi zimefumuka ndani, na wazazi walikuwa wakizishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Baada ya overloki hakuna suruali iliyorudi. Ndiyo maana mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye siku zote alikuwa akipeleka kazi kwenye duka kubwa la mjini, safari hii alimpa Mama Doa suti za michezo za darasa zima la kwanza. Alimpa kwa majaribio. Zikabidhiwe Ijumaa, Jumamosi watoto wazivae uwanjani mbele ya wazazi. Zikichelewa, kazi inarudi dukani, na mwalimu mkuu hakuficha kwamba haitatoka tena huko.

Suti zilikuwa zimekwisha kukatwa, zimepangwa kwa mafungu mezani, wakati overloki ilipogonga. Mama Doa alikuwa akipitisha ile sehemu ya suruali ambapo mishono minne hukutana na kitambaa huwa kinene kama ulimi wa kiatu. Kwa! Sindano ikakatika. Akaweka sindano mpya, akavuta nyuzi, akajaribu. Mashine ikashona vidonda: mishono mitatu, pengo, mishono miwili, pengo. Akabadili sindano tena. Mapengo yakabaki pale pale.

Akampigia fundi. Fundi huyu wanamwita Injinia, mtu mrefu wa maneno machache, ana kibanda nyuma ya safu ya maduka, na hutengeneza cherehani, pasi na feni. Akasema atapita jioni kuichukua mashine. Mama Doa akakata simu, akafungua droo, akatoa chupa.

Alifanya kazi hiyo kwa utulivu wa mtu anayepaka mtoto dawa. Doa chini ya mota. Doa kwenye skrubu inayobana sindano. Doa kwenye mguu wa kukandamizia kitambaa. Kisha akafungua mlango mdogo wa mbele, pale unapokaa mkono wa chuma unaopokea uzi kutoka kwenye sindano, ambao mafundi huuita lupa. Lupa imebanwa kwenye kishikio, na kishikio kimebanwa kwenye mhimili. Akafikiri kidogo. Doa moja lisingetosha hapo, maana vipande ni viwili. Akavuta mstari mwembamba ulionyooka, ukaanzia kwenye kishikio na kuishia kwenye mhimili, ili fundi akibadili kimoja, nusu mbili za mstari zikatae kukutana. Aliupuliza ukakauka. Aliuona mzuri.

Injinia alikuja, akainama, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza.

"Kazi ndogo hii, mama. Kesho."

Hilo neno Mama Doa analijua kwa ndani, kama anavyojua mfuko wa aproni yake. Yeye mwenyewe ni fundi. Wateja wake humwita fundi, na kwa mdomo wake amewaambia kesho watu ambao nguo zao zilikuwa bado kitambaa. Anajua kesho ya mtu aliyebakiza vifungo tu na kesho ya mtu ambaye hajagusa kitu. Kesho ya Injinia ilikuja, ikapita, ikaja nyingine. Kwenye simu fundi alikuwa mpole mno. "Nakaribia, mama." "Kuna kitu kidogo tu nakirekebisha." Upole huo ndio uliomtia shaka. Fundi mwenye haki, alivyoona yeye, hukasirika akisumbuliwa.

Akaenda kibandani bila kupiga simu kwanza. Kabla hajafika mlangoni akaisikia. Kila mashine ina sauti yake, na ile yake hulia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Ilikuwa ikishona. Haikuwa jaribio la mara moja. Ilishona, ikanyamaza, ikashona tena, kwa muda mrefu, nyuma ya pazia. Aliposema hodi ikanyamaza ghafla.

Injinia akatoka akijifuta mikono. "Mama! Ungenipigia."

"Nilikuwa napita. Imepona?"

"Bado kidogo."

"Mbona nimeisikia inashona?"

"Naijaribu tu."

Mama Doa akatazama chini. Sakafuni, hadi chini ya benchi, vilitapakaa vipande vya vitambaa: vya bluu, vya kijani, vya maua, vyote vimepitishwa overloki ukingoni. Akatamani kuingia nyuma ya pazia, lakini fundi alikuwa amesimama katikati ya njia kama kabati. Akaaga. Kwenye pipa la nje akaokota kipande kimoja cha maua, akakitia mkobani.

Nyumbani alikitandaza mezani mbele ya mumewe. "Haya. Jionee mwenyewe. Anawashonea watu nguo kwa mashine yangu."

Mume akavaa miwani. "Mbona imeshonwa ovyo? Angalia, inaruka."

"Ndiyo! Anawaharibia watu nguo kwa mashine yangu!"

"Mke wangu, mtu akishona gauni, gauni si hutoka? Hivi ni vipande."

"Gauni analipeleka kwa mwenyewe. Ulitaka aliache sakafuni anisubiri mimi?"

Mume akavua miwani akairudisha mfukoni. Katika ndoa hiyo miwani ikirudi mfukoni, mjadala umefungwa.

Jioni hiyo hiyo mwalimu mkuu akatuma ujumbe. Ulikuwa mfupi na wa adabu. Alimshukuru kwa kazi anayoifanya, akamkumbusha kwamba ni Ijumaa kabla ya saa sita mchana, akasema anaelewa changamoto za kazi za mikono, na kwamba baada ya saa hiyo atalazimika kufuata utaratibu mwingine. Mama Doa aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena. Hakuna mahali alipotukanwa. Na bado alijikuta akihesabu siku kwa vidole.

"Hivi ndivyo anavyotakiwa kuandikiwa yule," akasema. Akampigia dada yake.

Dada mkubwa ni katibu muhtasi, amekaa kwenye ofisi za watu maisha yake yote, na huandika barua kama watu wengine wanavyokunja shuka: pembe kwa pembe. Alifika kesho yake baada ya kazi, akaondoa vitambaa kwenye kona ya meza, akaomba kalamu isiyovuja.

"Unataka nini kwake?" akauliza.

"Nataka ajue kwamba namjua ni mwizi."

"Hilo si jambo la kutaka. Unataka nini?"

"Mashine yangu."

"Lini?"

"Jana."

"Mdogo wangu, nimetoka kazini."

"Haya, Jumatano. Nikiipata Jumatano jioni, Alhamisi nashona kutwa, Ijumaa asubuhi napiga pasi."

"Sasa hapo tunaandika barua." Dada akainama. Mume alileta chai, akasimama nyuma yao kusoma.

"Shemeji, usinipumulie kwenye shingo."

"Naangalia kama mmenitaja."

Barua ilipokwisha, dada aliisoma kwa sauti yake ya ofisini:

*Kwako Fundi,*

*Yah: Mashine yangu ya overloki.*

*Salaam. Natumaini u mzima na kazi zinakwenda vizuri.*

*Nakushukuru kwa kukubali kuitengeneza mashine yangu. Ulipoichukua ulisema kazi ni ndogo na ingekuwa tayari siku inayofuata. Hadi leo sijaipata, wala sijaelezwa kinachoichelewesha. Najua kazi ya ufundi ina mambo yasiyotarajiwa. Na mimi ni fundi kama wewe.*

*Nina kazi ya shule ambayo lazima niikabidhi Ijumaa. Kwa hiyo naomba mashine iwe tayari Jumatano, kabla ya saa kumi jioni. Kama kuna kifaa kinachohitajika au tatizo lililokushinda, tafadhali niambie wazi leo, ili tutafute njia pamoja. Kama haitawezekana kabisa, nitakuja saa hiyo hiyo kuichukua kama ilivyo, niipeleke kwingine, na hatutakuwa na ugomvi.*

*Nakutakia kazi njema.*

"Na vile vitambaa?" Mama Doa akauliza.

"Vitambaa gani?"

"Alivyoshonea watu. Na alama. Andika kwamba mashine yote nimeitia alama, ajue akinibadilishia hata skrubu nitaiona."

"Siandiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapo juu umemwita fundi mwenzio, hapa chini unamwita kibaka. Achague lipi? Barua ikiwa na tusi, mtu hujibu tusi, tarehe anaisahau. Wewe mwachie tarehe peke yake, imkoseshe usingizi."

Mume akasema, "Dada yako anaongea kama rula."

"Wewe kanywe chai," mkewe akamwambia.

Mama Doa akatia saini. Dada akakunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akaiacha wazi, kwa kuwa gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Hilo lilikuwa kosa lake pekee jioni hiyo. Alipoondoka, mdogo wake aliitoa barua, akaitandaza, akaandika chini ya saini kwa mwandiko wake wa kulalia upande:

*Tena, fundi wangu. Kila kipande cha mashine hiyo nilikitia alama nyekundu kwa mkono wangu, kwa rangi ya kucha, jioni ile kabla hujafika. Hata kule ndani kwenye lupa. Nakujulisha tu.*

Alifikiri juu ya lile "nakujulisha tu", akaridhika kwamba ni adabu ya kutosha.

Asubuhi aliipeleka mwenyewe, Jumanne hiyo. Kumpa mtu mwingine asingeweza. Alitaka kuuona uso wa Injinia ukifika mstari wa mwisho. Fundi alikuwa nje ya kibanda, ameketi kwenye kigoda, na macho yake yalikuwa mekundu. Akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Barua, mama? Si ungeniambia tu."

"Nimekuambia sana. Soma."

Injinia akasoma polepole, midomo ikicheza. Kwenye "fundi kama wewe" alitikisa kichwa kidogo. Kwenye Jumatano alimeza mate. Kisha macho yakashuka chini ya saini, na hapo yakasimama. Akasoma, akarudia. Mama Doa akaona damu ikimpanda shingoni na akajisemea kimoyomoyo: nimemnasa.

"Mama," fundi akasema. "Hizi alama ni za kwako?"

"Za kwangu."

"Si za fundi aliyepita?"

"Fundi gani? Nimekuambia, kwa mkono wangu."

"Na ule mstari wa ndani? Kwenye kishikio cha lupa?"

"Na huo. Vipi, umeufuta?"

Injinia akasimama. Alikuwa mrefu kuliko mwanamke huyo alivyokumbuka. Akaitazama barua, akamtazama yeye. Kisha akavuta pazia lote pembeni kwa mkono mmoja. "Ingia. Ingia uone."

Mashine ilikuwa juu ya benchi, imefunguliwa, taa imeinamishwa juu yake. Hakuna gauni la mtu. Hakuna hata mita moja ya kitambaa. Kulikuwa na mfuko wa vipande kutoka kwa mshonaji wa jirani, na lupa mpya yenye kung'aa imefungwa mahali pake, na ile ya zamani kando, ncha yake imepinda kidogo.

"Nimeisubiri hii itoke mjini," Injinia akasema. "Nikaifunga, ikaruka. Nikabadili sindano, ikaruka. Nikalegeza nyuzi, nikakaza, ikaruka. Mwanamke nyumbani ananiuliza kama nimehamia kibandani. Kila nikifungua na kufunga, naurudisha mstari wako ukutane. Kwa sababu sisi mafundi, mama, kabla hujafungua kitu chenye taimingi, vipande vinavyotakiwa kupishana kwa wakati wake, unapiga mstari wa rangi, vipande viwili kwa pamoja, ili ukirudisha ujue palikuwa wapi. Nimeukuta mstari umenyooka kama wa kiwandani. Nikasema, aliyeiweka mashine hii anajua kazi, mimi nani nimpinge?"

Mama Doa akainama kutazama. Nusu mbili za mstari wake zilikutana sawasawa.

"Uliupiga lini?" fundi akauliza. "Kabla haijagonga au baada?"

Alijua jibu kabla ya kulitoa. "Baada."

"Ilipogonga, kishikio kiliteleza kwenye mhimili. Kidogo tu, kiasi cha unene wa kadi. Na wewe ukaja na rangi yako ukapaandika pale pale kilipoteleza." Akaketi. "Nimekuwa nikiurudisha ugonjwa kila siku."

Mama Doa alihisi masikio yanawaka, lakini hakuwa mtu wa kubeba mzigo mzima peke yake. "Na wewe kwa nini hukuniambia inakusumbua? Unasema kesho, kesho."

"Nilidhani ni kesho kweli. Kila siku." Akakuna kichwa. "Na niliona haya. Mtu umemwambia kazi ndogo."

Hilo alilielewa. Lilimwingia kuliko maelezo yote ya lupa.

"Barua yangu inasema kesho saa kumi," akasema, kwa sauti iliyopungua ukali.

"Kaa hapo," Injinia akasema.

Akachovya kitambaa kwenye thina ya kuondolea rangi, akaufuta mstari mwekundu mpaka chuma kikabaki cheupe. Akalegeza skrubu ya kishikio. Akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, sindano ikashuka hadi mwisho wa safari yake, ikaanza kupanda, na hapo akasukuma lupa kwa kidole, nywele kwa nywele, ncha yake ipite nyuma ya sindano bila kuigusa. Akabana. Akazungusha tena, akatazama, akalegeza, akasukuma, akabana. Mama Doa hakubanduka. Alikuwa ameambiwa akae, na kwa vyovyote asingeondoka.

Fundi akaingiza kipande cha bluu. Nyuki akalia kwenye kopo. Kipande kikatoka upande wa pili, naye hakukitazama. Alimpa mwenye mashine. Mama Doa akakivuta kwa vidole, akakigeuza, akakipeleka kwenye mwanga. Mshono ulikwenda mwanzo hadi mwisho bila pengo. Akaomba kingine, kinene, kilichokunjwa mara nne. Nacho kikatoka kizima.

"Ngoja niiwekee alama sasa, ikiwa imekaa vizuri," Injinia akasema, akipekua kopo la kalamu. "Hii ya kwangu nyeupe imekauka..." Akamtazama. "Mama, huna ile rangi yako hapo?"

Ilikuwa mkobani. Akaitoa, akamfungulia kizibo. Injinia akavuta mstari mwembamba, kishikio mpaka mhimili, akaupuliza.

"Mkono wako umenyooka kuliko wangu," akakiri.

Mashine ilifika nyumbani siku hiyo hiyo, mchana. Jioni dada mkubwa alipiga simu kuuliza habari, akaambiwa barua imefanya kazi.

"Nilikuambia. Bila matusi, tarehe peke yake."

"Kweli, dada."

Mume, aliyekuwa ameambiwa yote, akakohoa kwa nguvu. Mama Doa akamtupia kipande cha kitambaa.

Alishona usiku na mchana uliofuata, na Ijumaa asubuhi mwalimu mkuu alizipokea suti, akageuza moja nje ndani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono kutoka kiunoni hadi mguuni, akaikunja. Akauliza kama anaweza na sweta za muhula ujao. Mama Doa akasema anaweza. Hakusema kesho.

Aliporudi nyumbani alifunga mlango wa barabarani, akapiga magoti, akailaza overloki kwa ubavu na kutazama chini ya mota. Doa lilikuwepo. Akatazama skrubu ya sindano. Lilikuwepo. Akatazama mguu wa kukandamizia. Na hapo lilikuwepo.

"Unatafuta nini?" mumewe akauliza kutoka mlango wa ndani.

"Hakuna," akasema, na kwa sauti yake ungedhani amenyimwa kitu.